Jinsi ya Kuandaa Kikao Kazi cha Wafanyakazi cha Siku Mbili: Malengo, Ratiba na Bajeti Inayotekelezeka

Mtu anapokabidhiwa kwa mara ya kwanza jukumu la kuandaa kikao kazi cha nje ya ofisi, maswali yake huwa ni yale yale: nianze na ukumbi au na ratiba, tutafanya nini siku mbili nzima, na bajeti niiandikeje ili isirudishwe wala isipasuke katikati ya safari. Mwongozo huu unajibu maswali hayo kwa kufuata mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mfano wenyewe ni taasisi yenye wafanyakazi 26 katika idara tatu, ambayo kazi zake hukwama zinapotoka idara moja kwenda nyingine, hasa maombi ya manunuzi. Wafanyakazi wawili watabaki kulinda ofisi, na 24 watahudhuria.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Usipige simu hata moja ya kuulizia ukumbi kabla hujapata mambo haya:

- Jina la mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuidhinisha maazimio ya kikao. Kama yeye hatahudhuria, upate maandishi yanayomruhusu mwingine kuamua kwa niaba yake.
- Kikomo cha fedha, hata kama ni cha kukadiria. Ukiambiwa "andaa kwanza, fedha tutaona baadaye", andika wewe mwenyewe kikomo unachodhani kinawezekana, kisha uombe kithibitishwe.
- Wiki nane za maandalizi. Inawezekana kufanya kwa wiki tano, lakini kumbi nzuri zitakuwa zimeshachukuliwa na nukuu za bei utakazopata hutakuwa na muda wa kuzijadili.
- Kalenda ya kazi za taasisi, ili usipange kikao katika wiki ya kufunga hesabu, ya ukaguzi au ya kuwasilisha ripoti kubwa.
- Wasaidizi wawili: mmoja wa kushughulikia fedha na mikataba, mwingine wa kuandika kumbukumbu ukumbini. Wewe mratibu usijipe kazi ya kuandika kumbukumbu, kwa sababu utaitwa nje kila baada ya nusu saa.

Hatua ya 1: Andika malengo kama vitu vitakavyokuwa mezani kikao kikiisha

Hapa ndipo vikao vingi huharibika, ingawa uharibifu wenyewe huonekana siku ya pili mchana. Lengo kama "kujenga mshikamano na kuboresha mawasiliano" haliwezi kukusaidia kupanga ratiba, kwa sababu halikuambii nani ahudhurie, jambo gani lijadiliwe, wala utajuaje kwamba limefikiwa. Badala yake, kamilisha sentensi hii: "Siku ya pili saa 10:00 jioni, tutakuwa na..." Kitakachofuata kiwe kitu kinachoweza kushikwa, kusomwa au kusainiwa.

Katika mfano wetu, uongozi ulikuja na malengo sita. Baada ya kuyapitia kwa sentensi hiyo, yalibaki mawili:

Kwanza, tutakuwa na ukurasa mmoja unaoonyesha njia ya ombi la manunuzi kutoka kwa mwombaji hadi bidhaa inapopokelewa, ukitaja nani anapokea, nani anaidhinisha, na kila mmoja amepewa siku ngapi.

Pili, tutakuwa na orodha ya kazi tatu za kipaumbele kwa miezi sita ijayo, pamoja na orodha ya kazi ambazo tumekubaliana kuziacha au kuziahirisha.

Malengo mawili yanatosha kwa siku mbili, na matatu ndiyo mwisho. Mshikamano haukufutwa, bali uliachwa utokane na watu kufanya kazi pamoja katika vikundi vilivyochanganya idara, jambo ambalo kwa maoni yangu hulijenga vizuri zaidi kuliko kipindi cha michezo kilichopachikwa katikati ya mchana.

Tahadhari: usiweke katika malengo jambo ambalo uongozi umeshaliamua. Kama mabadiliko ya muundo yameshapitishwa, watangazie wafanyakazi kabla ya kikao. Watu wakigundua kwamba wanaombwa maoni juu ya jambo lililokwisha kupita, hawatachangia tena hata katika mambo yaliyo wazi.

Hatua ya 2: Kusanya maoni ya washiriki wiki tatu kabla

Tuma maswali matatu tu, na majibu yapokelewe na mtu ambaye si mkuu wa idara yoyote, bila majina:

1. Ni kazi gani hukwama mikononi mwako kwa sababu unamsubiri mtu mwingine?
2. Ni uamuzi gani ungependa ufanyike katika kikao hiki?
3. Ni jambo gani ambalo lisipozungumzwa kikao kitakuwa hakina maana?

Swali la tatu ndilo linalokuokoa. Ikiwa watu wengi watataja jambo moja ambalo halimo katika malengo yako, usilipuuze kwa matumaini kwamba halitaibuka, kwa kuwa litaibuka katika kipindi usichokitegemea na kula saa nzima. Mpelekee mwenye mamlaka majibu hayo kwa muhtasari, kisha mkubaliane mojawapo kati ya mambo mawili: liingie katika malengo, au atoe maelezo yake mwenyewe wakati wa ufunguzi.

Katika mfano wetu, swali la kwanza lilionyesha kwamba maombi hukaa muda mrefu katika hatua mbili tu kati ya saba, na swali la tatu lilionyesha kwamba watu hawajui kwa nini baadhi ya maombi hukataliwa. Kwa hiyo mratibu aliwaomba watu wa manunuzi wachague maombi matano halisi ya miezi mitatu iliyopita, yaliyopita haraka na yaliyochelewa, na kuandika tarehe za kila hatua. Karatasi hizo tano zilikuwa na thamani kuliko mada yoyote ya kuwasilishwa kwa projekta.

Hatua ya 3: Hesabu muda ulio nao kweli

Siku mbili husikika kama muda mrefu mpaka uanze kutoa. Ukianza saa 2:30 asubuhi na kumaliza saa 11:00 jioni, una saa nane na nusu. Toa saa moja ya chakula cha mchana na dakika hamsini za chai mbili, zinabaki saa sita na dakika arobaini. Siku ya pili lazima umalize mapema ili watu wasafiri, na ukimaliza saa 10:00 jioni bila chai ya pili, unabaki na saa sita. Toa ufunguzi, marejeo ya asubuhi ya siku ya pili na ufungaji, na kazi halisi inabaki kama saa kumi na moja na dakika ishirini kwa siku zote mbili.

Sasa pima kila wazo kwa saa hizo. Mtu akipendekeza kila mshiriki ajitambulishe na kueleza matarajio yake kwa dakika tatu, watu 24 watatumia dakika 72, na hiyo ni zaidi ya sehemu ya kumi ya muda wako wote kwa watu ambao tayari wanafahamiana. Kosa kama hilo hutokea katika mrejesho wa vikundi. Vikundi vinne vikipewa dakika kumi kila kimoja, tayari ni dakika arobaini kabla ya swali hata moja, kwa hiyo kipindi cha mrejesho kisicho na angalau saa moja hakitatosha.

Hatua ya 4: Panga ratiba kwa kurudi nyuma

Anza na kipindi cha mwisho. Dakika tisini za mwisho kabla ya ufungaji ziwe za mpango kazi, na usikubali zichukuliwe na chochote. Kisha jiulize ni nini lazima kiwe tayari kabla ya mpango kazi, na kabla ya hicho, mpaka ufike asubuhi ya siku ya kwanza. Ratiba ya mfano wetu ilitoka hivi.

*Siku ya kwanza*

- 2:30 – 3:00 asubuhi: Ufunguzi. Mkuu wa taasisi azungumze dakika kumi, kisha malengo na kanuni za kikao.
- 3:00 – 4:30: Kupitia maombi matano halisi, hatua kwa hatua, mbele ya wote.
- 4:30 – 5:00: Chai.
- 5:00 – 7:00 mchana: Vikundi vinne vya watu sita. Kila kikundi kinabainisha panapokwama, sababu na pendekezo moja.
- 7:00 – 8:00: Chakula cha mchana.
- 8:00 – 9:30 alasiri: Mrejesho wa vikundi na kuchagua mapendekezo ya kufanyiwa kazi.
- 9:30 – 9:50: Chai.
- 9:50 – 11:00 jioni: Kuandika rasimu ya njia mpya ya maombi.

*Siku ya pili*

- 2:30 – 2:50 asubuhi: Marejeo ya jana.
- 2:50 – 4:30: Kuijaribu rasimu kwa yale maombi matano na kuirekebisha.
- 4:30 – 5:00: Chai.
- 5:00 – 7:00 mchana: Kazi za kipaumbele na kazi za kuachwa.
- 7:00 – 8:00: Chakula cha mchana.
- 8:00 – 9:30 alasiri: Mpango kazi.
- 9:30 – 10:00 jioni: Kusoma maazimio na kufunga.

Angalia mambo mawili katika ratiba hii. La kwanza ni kwamba usiku uko kati ya rasimu na majaribio yake. Hilo limepangwa makusudi, kwa sababu watu huona kasoro za rasimu wakiwa wameiacha kidogo, na mazungumzo ya jioni huibua pingamizi ambazo hakuna aliyethubutu kuzisema ukumbini. La pili ni kwamba hakuna mada za kuwasilishwa. Taarifa ambayo inaweza kusomwa itumwe wiki moja kabla, ikiwa na kurasa chache, na muda wa ukumbini utumike kwa mambo ambayo hayawezi kufanyika bila watu kuwa pamoja.

Kila kipindi kiandikiwe kadi ya mwezeshaji yenye mistari minne: swali linalojibiwa, namna ya kulijibu, kitakachobaki kimeandikwa, na nani anaamua. Kadi ya kipindi cha vikundi ilisomeka hivi: "Swali: ombi hukwama wapi na kwa nini? Namna: kila mtu aandike peke yake dakika tano, kisha kikundi kijadili. Kinachobaki: bango moja lenye sehemu mbili zinazokwama na pendekezo moja. Uamuzi: kikundi kinapendekeza, mkutano wa wote unachagua." Mstari wa mwisho ndio unaosahaulika zaidi. Washiriki wanapodhani wanapiga kura kumbe wanatoa ushauri tu, manung'uniko huwa marefu kuliko kikao chenyewe.

Hatua ya 5: Chagua mwezeshaji na ukumbi, kwa mpangilio huo

Mwezeshaji wa nje ana faida pale ambapo mvutano uko kati ya idara au kati ya wafanyakazi na uongozi, kwa sababu mtu wa ndani, hata awe mwadilifu kiasi gani, ataonekana kuwa na upande. Kama jambo ni la kiufundi tu na hakuna mvutano, mfanyakazi mwenye uzoefu anatosha, ila kwa siku hizo mbili asihesabiwe kuwa mchangiaji. Mwezeshaji wa nje apewe malengo, majibu ya maswali matatu na rasimu ya ratiba, na mkubaliane kwa maandishi siku atakazolipwa, zikiwemo za maandalizi na za kuandika ripoti.

Ukumbi uutembelee mwenyewe. Picha hazionyeshi nguzo iliyosimama katikati ya chumba wala kelele za ukumbi wa jirani. Kwa watu 24 wanaofanya kazi katika vikundi, omba meza nne za duara au za kuunganishwa badala ya viti vilivyopangwa kwa safu, na hakikisha kuta zinaruhusu kubandika karatasi za bango kitita. Uliza kama umeme ukikatika kuna jenereta, na kama jenereta hiyo inahudumia ukumbi au taa za nje tu. Uliza pia njia ya kuingilia kwa mtu asiyeweza kupanda ngazi.

Omba nukuu za bei kutoka sehemu tatu, zote zikijibu orodha moja ya mahitaji uliyoiandika wewe. Usipofanya hivyo utalinganisha bei ambazo hazilingani: mmoja atakuwa amejumuisha projekta, maji na chai ya pili, na mwingine atakuwa ameviacha ili aonekane nafuu. Sentensi moja isikose katika barua yako: "Tafadhali onyesha kama kodi na tozo za huduma zimejumuishwa."

Hatua ya 6: Andika bajeti

Bei hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, kwa hiyo mfano huu unatumia kizio badala ya fedha. Kizio 1 ni bei ya kifurushi cha siku moja kwa mtu mmoja: ukumbi, chai, chakula cha mchana na maji. Ukishapata nukuu yako, badilisha vizio kwa bei halisi.

Kabla ya kuandika namba yoyote, hesabu vichwa. Washiriki ni 24, mwezeshaji ni mmoja, na dereva ni mmoja, jumla 26. Dereva ndiye anayesahaulika karibu katika kila bajeti ya kwanza, kisha inapofika saa ya chakula mratibu anaanza kuombaomba sahani ya ziada au anamwacha mtu ndani ya gari.

| Kifungu | Hesabu | Vizio |
|---|---|---|
| Kifurushi cha siku | watu 26 × siku 2 × 1 | 52 |
| Malazi, chakula cha jioni na kifungua kinywa | watu 26 × usiku 1 × 2 | 52 |
| Usiku wa ziada wa mwezeshaji | 1 × 2 | 2 |
| Usafiri | basi kwa siku 2 | 14 |
| Mwezeshaji | siku 4 × 6 | 24 |
| Vifaa vya kuandikia | jumla | 3 |
| Huduma ya kwanza, maegesho na mengineyo | jumla | 3 |
| Jumla ndogo | | 150 |
| Akiba ya dharura | asilimia 10 | 15 |
| Jumla | | 165 |

Kikomo kilichotolewa kilikuwa vizio 130. Hapa ndipo waandaaji wengi huanza kukata kwa mpangilio mbaya: wanafuta akiba, wanapunguza siku za mwezeshaji, kisha wanapunguza chai. Tufuate hesabu tuone. Wafanyakazi 24 wakilala wawili wawili katika vyumba 12, kila chumba kikiwa na bei ya vizio 3, malazi yao yanashuka kutoka 48 hadi 36, na jumla ndogo inakuwa 138. Ripoti ikiandikwa na mwandishi wa taasisi, mwezeshaji anapungua siku moja na tunafika 132. Ukiongeza akiba ya asilimia 10, jumla ni 145.2, bado tumevuka kikomo na tayari tumewabana watu vyumbani.

Tukiondoa malazi yote, vizio 54, na kuacha mengine kama yalivyokuwa, jumla ndogo ni 96, na pamoja na akiba ni 105.6. Basi lilelile linawapeleka watu asubuhi na kuwarudisha jioni. Huo ndio uamuzi uliochukuliwa, na ukumbi ukatafutwa katika umbali wa chini ya saa moja kutoka ofisini. Msimamo wangu ni kwamba malazi ndiyo kifungu cha kwanza kuhojiwa, kwa sababu ni kikubwa na hakigusi saa za kazi. Yabaki tu pale ambapo safari ni ndefu, au jioni ina kazi iliyopangwa, au kuna washiriki wanaotoka vituo vya mbali. Tuliyoyaeleza juu ya mazungumzo ya jioni yatapungua, na hiyo ni hasara ya kweli, lakini ni ndogo kuliko ya kuingia kikaoni bila mwezeshaji aliyejiandaa.

Vizio 24.4 vilivyobaki chini ya kikomo havikuhitaji kutafutiwa matumizi. Shinikizo la fulana zenye nembo litakuja, nalo likataliwe kwa upole.

Mambo matatu ya kukagua kabla ya kuwasilisha bajeti:

Kwanza, posho. Kama taasisi hulipa posho ya safari inayojumuisha chakula na malazi, na ukumbi nao unatoa chakula na malazi, umelipa mara mbili. Uliza ofisi ya fedha kanuni inasemaje, kisha uwajulishe washiriki kwa maandishi kabla ya safari. Taarifa hiyo ikitolewa siku ya kikao, asubuhi yote itapotea.

Pili, idadi ya uhakika. Kumbi nyingi hutoza kwa idadi uliyothibitisha au kwa waliohudhuria, ile iliyo kubwa. Kwa hiyo usithibitishe 26 wakati unajua huenda mmoja au wawili wakaugua au kuitwa kwenye dharura. Thibitisha 23 au 24, na uulize jikoni wanaweza kuongeza sahani ngapi siku hiyohiyo. Kuongeza mara nyingi huwezekana, kupunguza huwa vigumu.

Tatu, masharti ya kughairi. Soma malipo ya awali ni kiasi gani, yanarudishwa mpaka lini, na tarehe ikisogezwa yanahamishika au yanapotea. Tarehe hizo ziandike kwenye kalenda yako, kwa sababu mkataba ukishafungiwa kwenye jalada hakuna anayeusoma tena.

Hatua ya 7: Wiki mbili za mwisho

Siku kumi na nne kabla, tuma barua ya mwaliko yenye malengo mawili, ratiba, saa ya basi kuondoka na jina la atakayebaki ofisini kupokea simu. Uliza katika barua hiyo kuhusu mahitaji ya chakula, afya na malezi ya watoto. Siku saba kabla, thibitisha idadi na utume nyaraka za kusoma. Siku moja kabla, nenda ukumbini uone meza zimepangwaje, washa projekta kwa kompyuta itakayotumika, na uache hapo bango kitita, kalamu rashasha na karatasi za kunata. Kalamu zijaribu moja moja, maana nusu ya zile zinazokutwa kumbini huwa zimekauka.

Hatua ya 8: Siku zenyewe

Mratibu afike dakika tisini kabla. Mwandishi wa kumbukumbu asijaribu kunakili mazungumzo, bali aandike mambo matatu tu kwa kila kipindi: tulichokubaliana, tulichokataa na sababu, na kilichobaki bila jibu. Jambo zuri lililo nje ya malengo liandikwe kwenye bango la kando lenye kichwa "Ya baadaye", na kabla ya kufunga kila jambo la bango hilo lipewe mtu wa kulifuatilia au lifutwe mbele ya wote.

Mpango kazi uwe na safu nne: kazi, mhusika, tarehe na dalili ya kukamilika. Safu ya mhusika isiandikwe "idara" wala "wote". Mfano wa mstari uliokamilika: "Kuchapisha ukurasa wa njia mpya ya maombi, afisa manunuzi, ndani ya siku 7, nakala imebandikwa katika kila idara." Mhusika asome mstari wake kwa sauti na kukubali. Kama hayupo ukumbini, usimwandike jina lake, mwandike aliyepo atakayempelekea taarifa.

Mambo yanapokwenda kombo

*Mkuu anazungumza kila baada ya mchango.* Utaliona jambo hili mapema: wasemaji wanaanza kumtazama yeye badala ya kikundi. Kabla ya kikao kubalianeni kwamba atachangia mwishoni mwa kila kipindi. Akisahau, mwezeshaji aseme, "Tumalizie orodha ya wasemaji, kisha tutakupa nafasi ya kuhitimisha." Katika kazi za vikundi, asiwe mwenyekiti wala msemaji.

*Hakuna anayezungumza.* Usirudie swali kwa sauti ya juu zaidi. Wape dakika tano za kuandika peke yao kwenye karatasi za kunata, zikusanywe na zisomwe bila majina. Ukimya ukiendelea hata baada ya hapo, huenda swali linamgusa mtu aliyepo, na ni vyema mwezeshaji alizungumze na mkuu pembeni wakati wa chai.

*Kipindi kimezidi muda.* Usikate chai na usikate mpango kazi. Kata katika kipindi cha kazi za kipaumbele: badala ya kujadili orodha nzima, kila mtu apewe alama tatu za kubandika kwenye kazi anazoziona muhimu, kisha zijadiliwe zile tano zenye alama nyingi. Katika ratiba yetu njia hiyo huokoa karibu nusu saa.

*Watu wanaitwa ofisini.* Kama wanaoitwa ni wale wale, tatizo ni kwamba waliobaki ofisini hawakupewa mamlaka ya kuamua. Mpigie simu aliyebaki, mkubaliane ni mambo gani pekee yanayostahili kumtoa mtu ukumbini, na simu zote zipitie kwako.

*Umeme umekatika.* Ratiba iliyojengwa juu ya karatasi na meza haitetereki. Ndiyo maana nakala za maombi matano zichapishwe, seti moja kwa kila meza.

*Bili ya mwisho ni kubwa kuliko nukuu.* Omba orodha ya kila siku iliyosainiwa, na kila jioni linganisha idadi ya sahani na ya vyumba na hesabu zako kabla ya kusaini. Mweleze msimamizi wa ukumbi tangu mwanzo kwamba ni watu wawili tu wenye ruhusa ya kuagiza kitu cha ziada, na mtaje majina yao kwa maandishi. Kinywaji kilichoagizwa chumbani kilipwe na aliyekiagiza.

*Maazimio yamelala.* Kumbukumbu zitumwe ndani ya siku tatu za kazi, zikiwa na kurasa mbili zisizozidi, na mpango kazi uwe ukurasa wa kwanza. Kikao cha dakika arobaini na tano cha kuupitia kipangwe siku ya thelathini, na tarehe yake iwekwe kwenye kalenda za wote kabla basi halijaondoka ukumbini. Katika kikao hicho chukua ombi moja jipya la manunuzi, lililowasilishwa baada ya njia mpya kuanza, na usome tarehe zake hatua kwa hatua kama mlivyofanya kwa yale matano ya kwanza. Kama limekwama mahali palepale, rudi kwenye mstari wa mpango kazi unaohusu hatua hiyo na umuulize mhusika wake amezuiwa na nini, badala ya kuanza kupanga kikao kingine.